DOA JEUSI LA WAYO NA LA KIGANJA
Jinsi ya kuitambua melanoma katika ngozi nyeusi

Wasomaji wetu wa Mitwero, na wa vijiji vyote vya pwani ya Lindi na Kilwa, wayajua sana mambo ya miguu. Mwiba huchoma, funza huingia, sugu huota, na matende huvimbisha mguu. Kwa kuwa haya ni mambo ya kila siku, mtu akiona doa jeusi katika wayo wake hulihesabu kuwa mojawapo, akaendelea na kazi yake. Mara nyingi hakosei. Lakini liko doa moja, ambalo si la kuonekana kila siku, nalo likiachwa huua. Doa hilo huanza bila maumivu, na kwa hiyo halimhimizi mtu kwenda hospitali. Leo twataka kueleza jinsi ya kulitenga doa hilo na mengine, ili mwalimu au mkubwa wa kijiji, aliye na rula na daftari tu, aweze kumwambia mwenzake: hili liache, na hili lipeleke kwa daktari upesi.

MELANOMA NI NINI

Katika ngozi ya kila mwanadamu zimo chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Mtu mweusi na mtu mweupe wana chembe hizo kwa hesabu inayokaribiana. Tofauti yao ni kwamba chembe za mtu mweusi hufanya rangi nyingi zaidi. Pengine chembe moja huharibika, ikaanza kuzaana bila kikomo na bila kutii mpaka wake. Hiyo ndiyo saratani, na saratani inayotoka katika chembe za rangi huitwa melanoma.

Watu wengi, hata miongoni mwa waliosoma, wamesikia kwamba saratani hii ni ugonjwa wa Wazungu, tena waletewa na jua. Neno hili ni kweli nusu yake. Wazungu huipata mara nyingi kuliko sisi, na kwao jua lina sehemu kubwa. Huwatokea mgongoni, miguuni na usoni, mahali panapochomwa na jua. Rangi ya ngozi yetu yatukinga na madhara hayo. Lakini iko melanoma ya namna nyingine ambayo haina haja ya jua. Hiyo hutokea katika wayo, katika kiganja, na chini ya ukucha, mahali ambapo ngozi ya mtu mweusi ina rangi kidogo kuliko mahali pengine popote. Namna hii haichagui taifa. Na kwa kuwa sisi tumekingwa na ile ya jua, ndiyo hii tunayoiona zaidi katika Afrika.

Mambo haya yamechunguzwa karibu nasi. Katika mwaka 1967 Dk. M. G. Lewis, aliyefanya kazi Uganda, alitangaza uchunguzi wake juu ya melanoma ya nyayo na madoa meusi ya asili yanayoonekana katika nyayo za watu wa nchi ile. Na katika mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika habari za wagonjwa wao wa melanoma. Wengi walikuwa na ugonjwa katika mguu, hasa wayo, na wengi walifika hali ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Mfano ujulikanao duniani kote ni wa mwimbaji Bob Marley wa Jamaika. Katika mwaka 1977 alikuwa na kidonda katika dole gumba la mguu wa kulia, chini ya ukucha, nacho kilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Madaktari walipokata kipande na kukitazama waliona ni melanoma. Alishauriwa akatwe kidole asikubali, akatolewa sehemu tu ya nyama na kubandikwa ngozi nyingine. Ugonjwa ukaenea ndani ya mwili, naye akafariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Kijana yule hakukosa mali wala madaktari. Alichokosa ni wakati, kwa sababu jeraha la mpira na saratani vilifanana machoni.

MADOA YASIYO NA UBAYA

Kabla ya kumwogopesha mtu, yafaa kwanza kuyajua madoa ambayo si ugonjwa, maana hayo ndiyo mengi.

La kwanza ni doa la asili. Watu wengi weusi wana madoa ya kahawia au meusi katika nyayo na viganja, na ukimwuliza mwenyewe atasema ameyaona miaka mingi. Kwa kawaida huwa mengi, madogo, yako katika miguu yote miwili, na rangi yake ni moja. Hayakui. Mtu mwenye madoa kumi yaliyofanana hana sababu ya kufadhaika. Atazame tu kama liko mojawapo lisilofanana na wenziwe.

La pili ni doa la kazi. Katika nchi yetu ya mikorosho kila mtu aliyebangua korosho ajua kwamba mafuta ya ganda huunguza kiganja na kukiacha kimekuwa cheusi. Hina na piko pia huacha rangi. Lakini rangi hizi zimekaa juu ya ngozi, na ngozi ya juu hubambuka daima na kuacha mpya. Basi doa la korosho hufifia na kubambuka, na baada ya wiki chache huwa limekwisha. Doa lililokaa miezi miwili hali mtu hajashika korosho, si la korosho.

La tatu ni damu iliyovia. Mtu akikanyaga jiwe kwa nguvu, au kiatu kikimbana, damu hutoka kidogo ndani ya ngozi ngumu ya kisigino na kuonekana nyeusi. Hii nayo hutoka pamoja na ngozi inayobambuka. Daktari aweza kuikwangua juu juu kwa kisu safi, na weusi ukatoka wote. Wasomaji wasijaribu jambo hili nyumbani, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

La nne ni sugu na chunjua. Chunjua la wayo huwa na vitone vidogo vyeusi ndani yake, ambavyo ni mishipa myembamba ya damu iliyoziba. Hilo ni gumu, huuma likibanwa pande zote mbili, na rangi yake haitambai nje ya mpaka wake.

MATUTA NA MIFEREJI

Liko jambo moja la ajabu katika ngozi ya wayo na kiganja, nalo lawasaidia sana madaktari. Ngozi hiyo ina matuta membamba na mifereji kati yake, mfano wa shamba lililolimwa. Ndiyo matuta yanayoacha alama mtu anapotia dole gumba katika karatasi. Juu ya kila tuta vimepangwa vitundu vidogo vya kutolea jasho, kama mashimo ya mbegu.

Madaktari wa Japani, nchi ambayo melanoma ya wayo ni nyingi kuliko za namna nyingine, waligundua kwamba doa la asili huweka rangi yake zaidi ndani ya mifereji, na melanoma huweka rangi yake juu ya matuta. Wao hutazama kwa lenzi yenye taa, inayokuza mara 10 hivi. Ikiwa mistari myeusi ni myembamba na imefuata mifereji, doa ni salama karibu sikuzote. Ikiwa mistari ni mipana, nayo imepanda juu ya matuta penye vitundu vya jasho, daktari hukata kipande akapime.

Twaeleza haya si kwa sababu mwanakijiji aweza kufanya kazi hiyo kwa macho matupu, illa ajue daktari atafuta nini atakapouinua mguu wake na kuutazama kwa lenzi. Tena aelewe kwamba kuna tofauti ya kweli kati ya doa na doa, wala daktari habahatishi. Kanuni hii nayo ina mpaka wake: melanoma nyingine hazionyeshi mistari yo yote, na ugonjwa uliokwisha kuwa kidonda hauna matuta ya kutazamwa.

KUPIMA KWA RULA NA DAFTARI

Alama kubwa ambayo mtu ye yote aweza kuiona ni kubadilika. Lakini jicho peke yake ni shahidi dhaifu. Mtu alitazamaye doa lake kila siku haoni likikua, kama vile mama asivyoona mtoto wake akirefuka. Basi yampasa kuweka ushahidi ulioandikwa.

Kazi yenyewe ni hii. Osha mguu na kuukausha. Chukua kipande cha nailoni nyembamba ipenyayo macho, ukitandaze juu ya doa bila kukivuta. Kwa kalamu ya wino fuata mpaka wa doa, ukitia pia alama ya upande wa vidole na upande wa kisigino. Kisha weka nailoni juu ya ukurasa wa daftari la hesabu na kuichora sura ile ile. Pima urefu na upana kwa milimita, andika rangi, andika tarehe. Baada ya mwezi fanya tena. Wayo hauonekani vema na mwenyewe, kwa hiyo mtu atazamwe na mke wake, au mume, au mtoto anayesoma shule.

Na tutunge mfano, ili jambo hili lieleweke. Mkulima wa Mitwero mwenye umri wa miaka 58 ana madoa mawili katika wayo wa kushoto. La kwanza liko katika uvungu wa wayo, na alizaliwa nalo au karibu yake. La pili liko kisiginoni. Alionalo mwaka huu, naye akumbuka kwamba aliwahi kuchomwa na mwiba mahali pale. Mwalimu ayachora yote mawili mwanzo wa mwezi wa Juni. La uvunguni lina urefu wa milimita 4 na upana wa milimita 3, kahawia tupu. La kisiginoni lina urefu wa milimita 6 na upana wa 5, jeusi katikati na kahawia pembeni.

Mwanzo wa Julai la uvunguni ni 4 kwa 3 kama kwanza. La kisiginoni ni 7 kwa 5. Je, amekosea kupima? Yawezekana, maana milimita moja ni upana wa mstari wa kalamu. Lakini sura nayo si ile. Upande mmoja umetoa ulimi mdogo kuelekea nje, nao mchoro wa Juni haukuwa nao. Kosa la kalamu hunenepesha mstari wote. Halioti ulimi upande mmoja tu. Hapo ndipo mwalimu aufunge uchunguzi wake na kumwandikia mkulima barua ya hospitali. Asingoje Agosti, kwa kuwa jawabu limekwisha kupatikana: doa la zamani limetulia, na jipya lakua upande mmoja. Mwiba haukuwa shahidi wa kweli. Alama ya mwiba hupungua kadiri siku zinavyopita, haiongezeki.

Twasisitiza kwamba kupima kwa mwezi mmoja ni kwa doa dogo lililotulia tu. Doa jipya la mtu mzima lililozidi milimita 7, yaani limepita unene wa kalamu ya risasi, lisingojewe hata mwezi. Na doa lenye alama tutakazozitaja sasa lisingojewe hata kidogo.

ALAMA TANO

Katika mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza walitangaza kanuni fupi ya kuhukumu ugonjwa wa mguu unaoshukiwa kuwa melanoma. Ina maswali matano, nasi twayaeleza kwa maneno yetu.

1. Je, mahali pale pana rangi isiyokuwa rangi ya ngozi yake? Rangi yo yote yahesabiwa: nyeusi, kahawia, ya majivu, hata nyekundu.

2. Je, hapana mtu aliyejua kwa hakika ni kitu gani? Ikiwa mmoja asema ni sugu na mwingine asema ni mwiba, jawabu la swali hili ni ndiyo.

3. Je, patoka damu au maji, au nyama mpya imeota inayovuja?

4. Je, pamekua au kubadilika sura?

5. Je, kidonda hakikupona katika muda wa miezi 2?

Mtu akijibu ndiyo mara mbili au zaidi, yampasa kuonwa na daktari. Hii si hukumu kwamba ana saratani. Wengi watakaopelekwa hivyo wataambiwa hawana. Ni afadhali kumi warudi na habari njema kuliko mmoja akae nyumbani.

Swali la kwanza na la tano hutaka maelezo zaidi. Ziko melanoma ambazo chembe zake zimeacha kutengeneza rangi. Hizo huonekana kama nyama nyekundu au kidonda kibichi, na mtu aweza kuzifanyia dawa ya kidonda mwaka mzima. Hizi ndizo zinazodanganya hata wauguzi. Basi kidonda cha wayo kisichopona, kwa mtu ambaye hana ukoma wala kisukari, kisiitwe donda la kawaida kwa sababu tu hakina weusi. Tena hata kwa mwenye kisukari, kidonda kikiwa mahali pasipobanwa na kiatu, na kimezungukwa na utando mweusi, kikatwe kipande kikapimwe.

UKUCHA

Mistari myeusi katika kucha ni jambo la kawaida kwa watu weusi, na huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Ikiwa iko katika kucha kadha wa kadha, myembamba na yenye kunyoka, haina neno. Hofu iko katika mstari uliotokea peke yake katika ukucha mmoja wa mtu mzima, hasa dole gumba la mkono au la mguu, ukazidi milimita 3, ukapanuka, au ukawa mpana zaidi penye shina la ukucha kuliko penye ncha. Na weusi ukitambaa kutoka ukuchani hata kuipaka ngozi inayouzunguka, hiyo ni alama mbaya. Huitwa kwa jina la daktari Mwingereza Hutchinson, aliyeieleza katika karne ya 19.

Damu iliyovia chini ya ukucha nayo ni nyeusi, lakini kuna njia ya kuitenga. Ukucha wa dole gumba la mguu hukua kama milimita 1 na nusu kwa mwezi, na ukucha wa mkono kama milimita 3. Tia alama ndogo kwa mkwaruzo mwepesi juu ya ukucha, penye mpaka wa weusi ulio upande wa shina. Baada ya miezi miwili, weusi wa damu utakuwa umesogea mbele pamoja na alama ile, na nyuma yake pametokea ukucha safi. Weusi wa melanoma hauondoki shinani, kwa maana kiwanda cha rangi kimo humo humo. Alama itasogea mbele, na weusi utabaki nyuma yake. Lakini ikiwa ukucha unapasuka, au unatoa damu, au ngozi ya pembeni imepata weusi, usifanye jaribio hili, nenda hospitali.

KISU NA HOFU YAKE

Wako watu wanaosema kwamba saratani ikiguswa na kisu hukasirika na kuenea. Twaona chanzo cha maneno haya. Wagonjwa wengi hufika wamechelewa, wakakatwa, na baada ya miezi wakafa. Jirani akaona kisu na kifo, asione kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha enea kabla ya kisu. Kukata kipande cha kupima hakuenezi melanoma. Kwa kweli hakuna njia nyingine ya kuijua kwa hakika.

Daktari hutia ganzi, naye hupenda kulitoa doa lote pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, kama milimita 2 hivi, mpaka kwenye mafuta yaliyo chini. Likiwa kubwa hukata sehemu iliyo mbaya zaidi. Kipande hutiwa katika dawa ya formalini na kupelekwa kwa mtaalamu, ambaye hukikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Mgonjwa aulize siku ya kurudi kuchukua jawabu, akarudi, maana kipande kilichokatwa bila jawabu kusomwa hakikumfaa mtu.

Jawabu lina neno moja kubwa, nalo ni kina. Katika mwaka 1970 daktari Mmarekani Alexander Breslow alionyesha kwamba hatari ya melanoma hupimwa kwa milimita ilizoshuka ndani ya ngozi. Ile iliyo chini ya milimita 1, yaani nafasi iliyo ndogo kuliko zote katika rula ya mwanafunzi, mara nyingi hupona kwa kukatwa tu, pamoja na ukingo wa sentimita 1 wa ngozi nzima. Iliyoshuka zaidi ya milimita 2 hutaka ukingo wa sentimita 2, na iliyopita milimita 4 ni hatari kubwa hata ikikatwa vema. Basi tofauti kati ya kupona na kufa ni milimita chache. Hii ndiyo sababu ya kuhesabu miezi.

Ugonjwa ukitoka katika wayo, njia yake ya kwanza mara nyingi ni tezi za kinena. Ukitoka kiganjani, ni tezi za kwapa. Mitoki hutokea pia kwa kidonda cho chote cha mguu, na hiyo huuma na kupungua kidonda kikipona. Mtoki mgumu usiouma, unaokua, kwa mtu mwenye doa au kidonda katika wayo wa upande ule ule, ni jambo la haraka. Tangu mwaka 2011 zimetokea dawa mpya za kuamsha nguvu za mwili dhidi ya melanoma iliyoenea, lakini ni ghali sana, na melanoma ya nyayo huzitii kidogo kuliko ile ya jua. Hazikuondoa haja ya kuwahi.

Sasa tueleze kwa nini tulikataza kukwangua nyumbani. Mtu akilikata doa kwa wembe, au kulichoma kwa moto, au kulipaka dawa inayounguza, huondoa sehemu ya juu na kuacha mizizi. Kovu hufunika, weusi hupotea machoni, na chembe huendelea kushuka. Baadaye hata hadubini yapata taabu kuhesabu kina. Ikiwa jambo hilo limekwisha kufanyika, mgonjwa asione haya kumwambia daktari. Habari hiyo yamsaidia.

BARUA YA HOSPITALI

Kwa watu wa Mitwero, Hospitali ya Sokoine iko mjini Lindi, si mbali nao. Wa bara wana Hospitali ya Nyangao na ya Ndanda. Kutoka huko, wenye kuhitaji matibabu makubwa hupelekwa Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Safari hii ni zaidi ya kilometa 400, na yagharimu fedha. Kwa hiyo mgonjwa akifika mbele ya mtu wa kwanza na maneno yaliyo wazi, amejipunguzia safari za bure.

Mara nyingi mkulima akiulizwa, hujibu tu, "Nina kidonda cha mguu," naye hupewa dawa ya kidonda. Mwalimu au mwenyekiti wa kijiji aweza kumsaidia kwa kuandika mistari sita: doa liko wapi, na mguu au mkono upi, lilionekana lini mara ya kwanza, urefu na upana wake kwa milimita, na tarehe ya kila kipimo, limebadilika nini, limetoa damu au halikutoa, na kama kuna mtoki. Abandike michoro pamoja na barua. Mwishoni aandike wazi: "Twaomba achunguzwe kama ni melanoma." Muuguzi aliyeona wagonjwa mia siku ile, akisoma neno hilo, ataivua bendeji na kuutazama wayo wenyewe.

Nakala ya barua ibaki katika daftari la kijiji. Baada ya wiki nne aliyeiandika amwulize mgonjwa maswali mawili: je, kipande kilikatwa? na je, jawabu limesemaje? Akiambiwa alipewa malhamu akarudishwa, na doa lingali likikua, mchoro mpya utiwe chini ya ile ya kwanza, naye arudishwe hospitali na karatasi zote mkononi.